Nimeuza 6,240,000, benki imeingia 4,347,820. Hizo nyingine zimeenda wapi?

BintiMagomeni

Habari zenu wakuu. Nina duka la mtandaoni la makubazi na mikoba ya ngozi, tunashona wenyewe hapa Dar. Miezi miwili na kidogo iliyopita nilijiunga na kampuni moja ya malipo ya mtandaoni (jina naliacha, sitaki kesi) ili mteja alipie humo humo dukani, kwa kadi au kwa simu.

Wiki iliyoishia Jumapili dashibodi ya duka inaniambia nimepata oda 52, jumla 6,240,000. Jumatano benki imeingia 4,347,820. Pungufu ni 1,892,180! Mkataba niliosaini unasema watakata asilimia 3.5. Nikipiga 3.5 kwenye hiyo jumla napata 218,400. Sasa hii milioni na laki sita na ushee iliyobaki nani kaila?

Wiki zilizopita nazo zilikuwa pungufu, lakini nilikuwa nahema tu na oda, sikukaa kuhesabu. Safari hii nilitakiwa kulipa fundi na mwenye ngozi, pesa haikutosha, ndiyo nikashtuka. Nimewaandikia huduma kwa wateja, wamenijibu "tafadhali rejea ripoti yako". Ripoti yenyewe nimeifungua, naona kama nasoma Kichina.

---

KibokoYao

Pole dada, umepigwa. Chukua 1,892,180 gawa kwa 6,240,000, hiyo ni asilimia 30. Hawa jamaa wanakuandikia 3.5 kwenye bango, halafu ndani wanakukata 30. Hamia kwenye kulipwa mkononi mzigo ukifika, uishi kwa amani.

---

ShambaniKwetu

Mimi pia yamenikuta. Mteja alilipa kwenye lipa namba yangu 50,000 akalalamika kwamba amekatwa ada juu yake, nikamwambia hiyo ni ya mtandao wa simu si yangu. Tena mwingine alinitumia kimakosa kwenye namba yangu ya kawaida si ya biashara. Je kuna njia ya kuirudisha?

---

BintiMagomeni

@ShambaniKwetu hiyo ni habari nyingine mkuu, yako ni lipa namba ya moja kwa moja. Mimi pesa zinakusanywa na kampuni kwanza, halafu wananitumia benki fungu moja kwa wiki.

@KibokoYao asilimia 30 nikiiangalia natamani kulia.

---

MhasibuMstaafu

Binti, usilie bado. Nimekaa na ripoti za aina hii miaka kadhaa, za hoteli na za maduka. Kabla ya kusema umeibiwa nijibu mambo matatu.

Kwanza, hizo oda 52 zote zililipiwa kupitia kwao? Hakuna mteja aliyelipa taslimu kwa boda?

Pili, ripoti uliyofungua ni ile ya PDF yenye nembo na mistari mitano, au umepakua CSV? PDF ni ya kupamba. Ingia sehemu ya malipo yaliyotumwa benki, bofya lile fungu la Jumatano, pakua CSV ya fungu hilo peke yake. Usipakue kwa tarehe, pakua kwa namba ya fungu. Ukichagua kwa tarehe utachanganya mafungu mawili, hutafika popote.

Tatu, ukishaifungua kwenye Eksel, angalia safu inayotaja aina ya mstari. Niambie humo kuna maneno gani tofauti. Usinitumie majina ya wateja.

---

BintiMagomeni

Ahsante sana mzee wangu. Kweli, oda tatu zililipwa taslimu mzigo ulipofika, jumla 310,000. Sikuziwazia kabisa kwa sababu dashibodi ya duka inazijumlisha humo humo.

CSV nimeipakua. Mistari ya `payment` ipo 46. Mingine hii hapa, pamoja na `payment` mmoja wa mfano:

```
type          ref      gross     fee    tax      net
payment       A-2291   120000    4200   756      115044
refund        A-2207  -180000    0      0       -180000
refund        A-2263   -60000    0      0        -60000
chargeback    A-2207  -180000    35000  0       -215000
reserve_hold           0         0      0       -560000
payout_fee             0         5000   900       -5900
payout                 0         0      0      -4347820
```

Oda zangu ni 52, nikitoa tatu za taslimu zinabaki 49. Mbona wao wameandika 46? Tatu zimepotelea wapi?

---

Nyali254

Hapo kwa `refund` fee ni sifuri, hiyo ni poa. Inamaanisha hawakukukata kurudisha pesa. Huku kwetu ukirudishia mteja pesa, ile ada ya kwanza nayo unarudishiwa, so ni kama hakuna kitu kilifanyika.

---

MhasibuMstaafu

Sasa tunaongea. Twende taratibu.

Oda 46 dhidi ya 49. Tazama safu ya saa kwenye mistari ya `payment`. Muamala wa mwisho kabisa wa Jumapili una saa ngapi? Na wa kwanza kabisa kwenye faili ni wa siku gani?

@Nyali254 hiyo sifuri haimaanishi hivyo, nitarudi kwako.

---

BintiMagomeni

Wa mwisho ni Jumapili 14:52. Lakini mimi nina oda ya Jumapili ya saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni, ya kiasi hicho hicho. Saa nane na dakika hamsini na mbili sikuuza kitu, nilikuwa msibani.

Wa kwanza ni wa Jumapili ya wiki iliyotangulia, 16:10.

---

MhasibuMstaafu

Ndiyo yenyewe hiyo. Ripoti imeandikwa kwa saa za UTC, sisi tuko mbele saa 3. Kwa hiyo 14:52 yao ndiyo saa 11 na dakika 52 jioni yako. Kwa unavyoeleza, wanafunga hesabu ya wiki saa 12 jioni Jumapili. Kilichouzwa baada ya hapo kinaingia fungu lijalo. Na fungu hili nalo limebeba mabaki ya Jumapili iliyopita jioni.

Hesabu oda zako za Jumapili hii baada ya saa 12 jioni, kisha za Jumapili iliyopita baada ya saa 12.

---

BintiMagomeni

Jumapili hii baada ya saa 12: oda 5, jumla 480,000.
Jumapili iliyopita baada ya saa 12: oda 2, jumla 150,000.

49 toa 5 ongeza 2 = 46. Aisee!

---

MhasibuMstaafu

Basi tumepata mauzo yaliyopita mikononi mwao: 6,240,000 toa taslimu 310,000, toa 480,000 ya fungu lijalo, ongeza 150,000 ya nyuma. Ni 5,600,000. Jumlisha safu ya `gross` kwa mistari ya `payment` tu, uone kama inakubali.

---

BintiMagomeni

5,600,000 juu ya alama. Nimesisimka mwili.

---

MhasibuMstaafu

Vizuri. Kuanzia hapa tunashuka ngazi kutoka 5,600,000 hadi kilichoingia benki, na kila ngazi ina mstari wake kwenye faili.

Ada ya asilimia 3.5 ya 5,600,000 ni 196,000. Juu ya hiyo ada kuna VAT ya asilimia 18, kwa sababu ada ni huduma wanayokuuzia. Hiyo ni 35,280. Hapa wengi huteleza: wanasoma 3.5 kwenye mkataba na kusahau kwamba VAT inakaa juu yake, hivyo kiukweli unakatwa asilimia 4.13. Angalia mfano wako wa 120,000: ada 4,200, kodi 756, unabaki na 115,044. Na wanakata kwenye kila alicholipa mteja. Kama humo kuna 5,000 ya boda, na boda wako naye amekatiwa.

Ada na VAT pamoja ni 231,280. Tumebaki na 5,368,720.

Rifandi mbili, 180,000 na 60,000. Toa 240,000. Tumebaki na 5,128,720.

@Nyali254, ile `fee` sifuri kwenye mstari wa rifandi maana yake hawakutoza ada mpya ya kurudisha. Kama wangekuwa wanarudisha ada ya kwanza, ungeona `fee` yenye alama ya kutoa, mfano -6,300 kwa ile ya 180,000. Haipo. Mteja amerudishiwa pesa yake yote, ada iliyokatwa siku ya kuuza imebaki kwao. Kwa 240,000 ni 9,912 pamoja na VAT. Imeliwa moja kwa moja na wala huioni kwenye fungu hili, ilikatwa siku oda zile zilipolipiwa.

Mstari wa `reserve_hold`: 560,000. Ni asilimia 10 ya 5,600,000. Toa, tumebaki na 4,568,720.

Mstari wa `chargeback`, yaani pingamizi ambalo mwenye kadi amelifungua benki kwake: 215,000. Tumebaki na 4,353,720.

Ada ya kutuma benki: 5,900. Tumefika 4,347,820.

Hakuna hata shilingi iliyopotea njiani. Kama zote zilistahili kukatwa ni suala jingine, na kuna mstari mmoja hapo haujanipendeza hata kidogo. Lakini kwanza nina swali: je, mkataba wako unataja hiyo asilimia 10?

---

KibokoYao

Kwa hiyo bado ni 30. Mzee umezunguka tu ukarudi pale pale nilipokuwa mimi.

---

MhasibuMstaafu

Hapana bwana Kiboko, na hii tofauti ndiyo itamwamulia kama ahame au abaki. Ipange hiyo 1,892,180 kwa swali moja: pesa hii sasa hivi ni ya nani?

310,000 tayari anayo mkononi, boda alimletea. 330,000 ni yake, inakuja wiki ijayo (480,000 toa ile 150,000 ya nyuma). 560,000 ni yake ila imefungiwa. 240,000 si yake, ni ya wateja waliorudisha bidhaa. 215,000 inagombaniwa. Inayobaki ni 237,180, ada pamoja na gharama ya kutuma benki. Hiyo tu ndiyo gharama ya kuwa na hawa watu. Igawe kwa 5,600,000 unapata asilimia 4 na robo hivi. Ghali? Labda. Lakini 30 si kweli.

---

BintiMagomeni

Nimerudi kwenye mkataba. Ukurasa wa nne, herufi ndogo kama siafu, wanasema watashikilia asilimia 10 ya kila mauzo kwa siku 180 kwa "biashara mpya au zenye muda mrefu wa kufikisha bidhaa". Sikuisoma. Nilidhani ni zile habari za sheria tu.

Nimeingia kwenye ukurasa mwingine wenye neno reserve, nimekuta 3,150,000 imekaa huko. Yangu! Na mimi juzi nilikopa kwa shemeji.

---

mtu_wa_Unguja

Pole mwanangu. Mie nauza viungo na sabuni za mwani, yalinifika hayo hayo mwanzo. Ila mie walinishikia asilimia 5 tu. Kwani wewe unachukua muda gani mpaka mzigo ufike?

---

BintiMagomeni

Bidhaa ya tayari siku mbili. Ya kushonewa kwa kipimo wiki mbili mpaka tatu, na hizo ndizo nyingi. Wateja wa nje ya nchi zaidi.

---

MhasibuMstaafu

Hapo ndipo asilimia 10 ilipotokea. Wao wanaogopa hivi: mteja amelipa leo, kubazi litafika baada ya wiki tatu, na mwenye kadi ya Visa au Mastercard kwa sababu nyingi ana hadi siku 120 za kwenda benki kwake kusema "sikupata bidhaa". Benki inamchukulia pesa kutoka kwa kampuni ya malipo, kampuni inakuchukulia wewe. Kama umeshafunga duka na kuhamia kijijini, hasara inawabaki wao. Kwa hiyo wanashikilia rehani mpaka siku hizo zipite, na wanaongeza kidogo, ndiyo 180.

Jambo la kuliangalia ni jinsi hiyo pesa inavyojaa. Kila wiki wanashika asilimia 10 ya wiki hiyo, na kila fungu lina siku zake 180. Ya wiki yako ya kwanza itaachiwa siku ya 180, utaona mstari mpya, huenda ukaitwa `reserve_release`. Wiki inayofuata ya pili, na kuendelea. Mpaka hapo hakuna kinachotoka, kinaingia tu. Siku 180 ni kama wiki 26. Ukiuza 5,600,000 kila wiki, rehani itapanda hadi 560,000 mara 26, yaani 14,560,000, kisha itatulia hapo: wanashika 560,000, wanaachia 560,000.

Watu wengi huambiwa "utarudishiwa baada ya miezi sita" wakafikiri mwezi wa saba tatizo limeisha. Kinachoisha ni kupungua kwa fungu la wiki. Ile milioni kumi na nne inabaki imelala huko muda wote unaofanya kazi nao. Na biashara ikikua ndiyo unaumia zaidi, kwa sababu wanaachia asilimia 10 ya mauzo ya nusu mwaka uliopita, yaliyokuwa madogo, na wanashika asilimia 10 ya mauzo ya leo.

Kwa biashara ya kununua ngozi taslimu, hii ndiyo inayokunyonga kuliko ada.

---

BintiMagomeni

14,560,000... hiyo ni cherehani mbili za ngozi na chenji.

Je, inaweza kupunguzwa?

---

mtu_wa_Unguja

Inawezekana. Mie nilikaa miezi minne, nikawapelekea risiti za posta na za kampuni ya usafirishaji za oda zote, tarehe ya kulipa na tarehe ya kupokelewa. Hawakunijibu mara ya kwanza, ya pili wakanishusha kutoka 5 hadi sifuri kwa oda za ndani, za nje ikabaki 5. Ila mie natuma siku ya pili, wewe wiki tatu watakusumbua.

---

MhasibuMstaafu

Namuunga mkono wa Unguja. Na ongeza ombi jingine ambalo watu hawaliombi: kikomo. Wakisema hawawezi kushusha asilimia, waombe rehani ikifika kiasi fulani, tuseme milioni 5, waache kushika zaidi. Baadhi hukubali haraka zaidi kuliko kushusha asilimia. Njia ya tatu iko kwako mwenyewe: kwa bidhaa ya kipimo chukua malipo nusu wakati wa kuoda, nusu ukiwa tayari kutuma. Kile kipande kinachosubiri wiki tatu kinapungua, nawe una hoja ya kuwaambia.

Sasa turudi kwenye mstari ambao haukunipendeza. Tazama safu ya `ref`. Rifandi ya 180,000 ni oda A-2207. `chargeback` ya 180,000 ni oda gani?

---

BintiMagomeni

...A-2207.

Ngoja.

Huyu ni yule mama wa nje, mkoba ulifika na mshono umeachia. Nikamwambia usijali, nikamrudishia pesa yote. Ina maana amerudishiwa mara mbili??

---

Nyali254

Uwiii. Hapo sasa ndio umeibiwa kweli.

---

MhasibuMstaafu

Tusimtukane mama wa watu bado. Mara nyingi inakwenda hivi: wewe unabonyeza rifandi leo, kwako inaonekana imeisha, lakini kwenye kadi yake inachukua siku 5 hadi 10 za kazi kuonekana. Siku ya nne anaangalia, haioni, anapiga simu benki kwake. Benki inafungua pingamizi. Mashine mbili zimefanya kazi moja, na wewe umetolewa 180,000 mara mbili, juu yake 35,000 ya ada ya pingamizi.

Kabla ya kufungua faili hili usingeijua, kwa sababu kwenye PDF zimeunganishwa na kuitwa "marekebisho".

Tofauti ya mistari hiyo miwili ni kwamba rifandi uliifanya wewe, imeisha. Pingamizi lina kesi, na kesi ina siku ya mwisho ya kujibu. Usipojibu unahesabiwa umekubali. Kuna taarifa lazima walikutumia. Tafuta barua pepe sasa hivi, na folda ya takataka.

---

BintiMagomeni

Nimeikuta. Ilitumwa kwenye info@ ya duka ambayo dogo ndiye anaangalia, tena imeingia takataka. Mwisho wa kujibu ni KESHO IJUMAA.

Naandika nini mzee?

---

MhasibuMstaafu

Usiandike hadithi ya mshono. Hoja yako ni moja: pesa ilisharudishwa kabla ya pingamizi. Ambatisha picha ya skrini ya rifandi ikionyesha tarehe, kiasi na namba ya muamala, na ujumbe wa mteja akikubali kurudishiwa kama upo. Kisha waombe kampuni ya malipo wakupe ARN ya rifandi hiyo. Ni namba ya tarakimu 23 inayoufuata muamala wa kadi kutoka benki hadi benki. Kwa namba hiyo benki ya mama inaona rifandi kwenye mfumo wake, hakuna tena "nasema, unasema". Mara nyingine iko kwenye ukurasa wa rifandi wenyewe, ukiteremka chini.

Na umwandikie mama kwa upole umpe hiyo ARN, umwombe aiambie benki yake kwamba amepokea. Wapo wanaofuta wenyewe.

---

Mtembezi_Arusha

Naomba niingie, maana sisi wa utalii tunajua upande mwingine wa hii kitu. Masika ya mwaka juzi makundi mawili yaliahirisha, rifandi zikazidi mauzo ya wiki. Benki ikaingia sifuri. Wiki iliyofuata tumeuza vizuri, benki sifuri tena! Kumbe ile hasi ilibebwa, wanajilipa kwanza. Na kibaya zaidi, mgeni wa tatu alipotaka pesa yake mfumo ukakataa, unasema salio halitoshi. Wakati rehani yetu ilikuwa imelala huko na inatosha wageni watano. Nikauliza kwa nini msimlipe kutoka kwenye rehani, nikaambiwa rehani haiguswi kwa rifandi, ni ya mapingamizi. Yaani asubiri mpaka agombane ndiyo alipwe?

Ilibidi tumtumie kwa benki, kwa gharama yetu.

---

MhasibuMstaafu

@Mtembezi_Arusha umenikumbusha jambo, na hapo umlinde binti: kumrudishia mteja nje ya mfumo ni hatari kwa sababu hiyo hiyo ya A-2207. Ukimtumia kwa benki, kwenye kadi hakuna alama yoyote, akifungua pingamizi huna ARN. Pata maandishi yake kwamba amepokea.

---

Nyali254

Mzee, kuhusu ada kurudishwa naomba nijitetee kidogo. Nimecheki yangu. Ile ninayosema ni nikirudisha siku hiyo hiyo kabla hawajafunga hesabu. Muamala unafutwa kabisa, hauonekani kwa ripoti, hakuna ada. Kesho yake inakuwa refund ya kawaida na ada inabaki kwao.

---

MhasibuMstaafu

Hapo uko sahihi, huko ni kufuta na si kurudisha. Binti, mteja akibadili mawazo ndani ya saa moja, usingoje kesho.

---

DukaJirani

Swali la mjinga: kwenye daftari naandika mauzo yapi? Mimi huwa naandika kile kilichoingia benki, naona ndiyo pesa halisi.

---

MhasibuMstaafu

Si swali la mjinga, nusu ya wateja wangu walifanya hivyo. Mauzo ni alicholipa mteja, kwa fungu la binti 5,600,000 mbali na taslimu, na hicho ndicho TRA watakachotaka kukiona kikilingana na risiti zako za EFD. Rifandi inapunguza mauzo. Ada ni gharama. Rehani si gharama, ni mali yako iliyo kwa mtu mwingine, kama kodi ya pango uliyoweka dhamana.

Fungua akaunti moja kwenye vitabu, uiite "pesa iliyo kwa kampuni ya malipo". Kila mauzo yaliyopitia kwao yaingie humo yakiwa mazima. Kila makato na kila kilichotumwa benki kwenye CSV kiipunguze, rehani nayo inahama tu kutoka humo kwenda akaunti yake ndogo. Baada ya fungu la binti, akaunti kubwa inatakiwa ibaki na 480,000 ya Jumapili jioni, na ndogo 3,150,000. Ukikuta namba nyingine, kuna mstari umeuruka.

Na kila fungu likija, kabla ya kulala, jaribio la dakika moja. F ni safu ya `net`, A ni `type`:

```
=SUM(F:F)
=SUMIFS(F:F,A:A,"chargeback")
```

Ya kwanza lazima itoe sifuri, kwa kuwa mstari wa `payout` ni hasi ya vingine vyote. Ya pili ikitoa chochote kisicho sifuri ujue kuna kesi yenye saa inayokimbia.

---

KibokoYao

Jumla itoe sifuri, hiyo nimeipenda. Yangu imetoa 0. Ya pili imetoa -94,000. Narudi baadaye.

---

BintiMagomeni

Mrejesho. Ijumaa nimejibu pingamizi saa tano asubuhi, ARN ilikuwepo chini ya ukurasa kama mzee alivyosema. Mama nimemwandikia, amejibu kwamba rifandi ameiona baadaye na amewapigia benki. Kampuni wanasema uamuzi unaweza kuchukua wiki kadhaa.

Nimeuliza kama nikishinda narudishiwa na ile 35,000. Mmoja wa huduma kasema ndiyo, mwingine kasema ada hairudi, 180,000 tu ndiyo inarudi. Mkataba unasema "ada ya kushughulikia". Halafu mnaona safu ya `tax` kwenye mstari ule ni 0? Kwa nini ada ya mauzo ina VAT na hii haina?

---

MhasibuMstaafu

Kuhusu 35,000, waombe jibu la maandishi, kampuni zinatofautiana na hayo majibu mawili ya simu hayakusaidii. Kuhusu VAT, ama imo ndani ya hiyo 35,000 ama hawaihesabu kama huduma. Nimeona zote mbili. Waombe ankara ya kodi ya mwezi, itasema.

---

BintiMagomeni

Nimewaandikia. Na swali moja lililonikosesha usingizi: ile oda A-2207 ilipouzwa walishika asilimia 10 yake, 18,000. Pesa yote imesharudi kwa mteja. Hiyo 18,000 wanaishikilia kwa ajili ya nini sasa?

---

Mtembezi_Arusha

Sisi tuliuliza hilo hilo. Hatujajibiwa hadi leo.